Shahidi Analipa Bei Gani? Mazungumzo na Vijana wa Ikonge



Vijana wenzangu wa Ikonge, na nyinyi mliopanda matatu kutoka Nyamira na Kisii mjini, shukran sana kwa kufika. Na mnaosoma hapa kwenye ukurasa wetu, karibuni. Haya ni yale niliyosema pale, nimepunguza marudio tu.

Nimeombwa nizungumzie ulinzi wa mashahidi. Kila tunapokaa kuongea habari za haki, mtu amepigwa, mtu amepotea, mzee amechomewa nyumba, tunaishia kwa swali moja: nani aliona? Na jibu ni lile lile. Ilikuwa siku ya soko, watu wamejaa mpaka barabarani, lakini hakuna aliyeona. Watu wa mbali wanasema ni uoga. Mimi sikubali. Watu wanapiga hesabu, na mara nyingi hesabu yao ni sahihi kuliko ya yule anayewalaumu. Leo nataka tuifungue hiyo hesabu tuone ndani kuna nini: serikali inalipa nini, shahidi mwenyewe analipa nini, na ni wapi bei inaweza kushushwa.

Nianze na mtu wa boda, kwa sababu hapa ndani naona wengi mmeacha pikipiki nje.

Josephat Mwenda alikuwa mwendeshaji boda upande wa Mlolongo, pale kwenye barabara ya kwenda Mombasa. Mwezi wa Aprili 2015 polisi wa utawala walimsimamisha, na mmoja wao, Fredrick Leliman, akampiga risasi mkononi. Mwenda hakunyamaza. Alipeleka malalamiko kwa IPOA, ile mamlaka huru ya kusimamia polisi. Sasa sikilizeni kilichofuata, kwa sababu hapo ndipo somo lilipo. Yeye aliyepigwa risasi ndiye aliyefunguliwa mashtaka, ya trafiki na mengine. Wakili Willie Kimani, aliyekuwa akifanya kazi na shirika la International Justice Mission, akachukua kesi yake.

Tarehe 23 Juni 2016 walikuwa na kesi katika korti ya Mavoko. Wakamaliza, wakaingia kwenye teksi ya Joseph Muiruri, wakaanza safari ya kurudi. Hawakufika. Walitekwa njiani, wakafungiwa katika kambi ya polisi wa utawala ya Syokimau. Wakiwa mle waliandika ujumbe kwenye kipande cha karatasi ya choo, kwamba wako hatarini na mke wa Mwenda apigiwe simu, wakakirusha nje. Kuna mtu alikiokota na akapiga hiyo simu. Lakini usiku huo huo waliuawa, wote watatu. Miili yao ilipatikana mtoni kule Ol Donyo Sabuk wiki moja baadaye, ikiwa ndani ya magunia.

Tarehe 22 Julai 2022 Jaji Jessie Lessit aliwapata watu wanne na hatia. Tarehe 3 Februari 2023 wakahukumiwa: Leliman kifo, polisi wenzake wawili miaka 30 na miaka 24, na raia mmoja aliyekuwa mtoaji habari wa polisi miaka 20. Mshtakiwa wa tano aliachiliwa. Tangu mauaji mpaka hukumu ni miaka sita na zaidi. Shikeni hiyo miaka sita, nitairudia.

Kwanza angalieni jinsi mtego ulivyofanya kazi. Malalamiko yaliweka jina la Mwenda ndani ya faili. Mashtaka yakauweka mwili wake mahali pamoja, tarehe inayojulikana, saa inayojulikana. Mtu akitaka kumpata hakuhitaji kumtafuta nyumbani kwake. Alihitaji kujua siku ya kesi tu, na siku ya kesi hutangazwa mbele ya watu wote. Asipokwenda, korti inatoa amri akamatwe. Akienda, anasubiriwa nje. Kwa hivyo mkisikia "ulinzi wa shahidi" msifikirie mtu mwenye bunduki mlangoni usiku peke yake. Fikirieni ile safari ya kutoka kortini kurudi nyumbani.

Sasa, sheria inatoa nini?

Kenya tuna Sheria ya Kulinda Mashahidi ya mwaka 2006. Mwanzoni kazi hiyo ilikuwa chini ya Mwanasheria Mkuu. Watu wakauliza swali la maana: shahidi anayemshtaki afisa wa serikali atajificha vipi katika ofisi ya serikali hiyo hiyo? Sheria ikarekebishwa mwaka 2010, likaundwa Shirika la Kulinda Mashahidi linalojisimamia, ambalo haliko chini ya polisi. Hilo ni jambo kubwa na vijana wengi hawalijui. Huhitaji kupitia kituo cha polisi ili kuomba ulinzi. Unaweza kuomba wewe mwenyewe, au wakili wako akuombee, au kiongozi wa mashtaka wa korti, au mtu wa katikati unayemwamini.

Lakini si kila anayeogopa anaingia. Wanaangalia kama wewe ni shahidi wa muhimu, yaani bila wewe kesi inayumba. Wanaangalia uzito wa kosa, ukubwa wa tishio, hali yako ya akili, rekodi yako ya makosa, na kama kuna njia nyingine rahisi ya kukulinda. Kama ulisikia tu kutoka kwa mtu aliyesikia, hutachukuliwa, hata ukitetemeka namna gani. Hapo wengi huvunjika moyo. Wanaona wamekataliwa kwa sababu hawana mtu Nairobi, kumbe ni ushahidi wao ambao haubebi kesi.

Ukikubaliwa unatia sahihi mkataba. Na mkataba huo, ndugu zangu, si wa kupokea tu. Unaeleza madeni yako yote, kesi zako, watoto unaowalea, wajibu wako kwa watu wengine. Mkopo wa sako haufutiki kwa sababu umehamishwa. Unakubali kufuata masharti, na mojawapo ni kutomwambia mtu uko wapi wala kwamba uko kwenye mpango. Ukivunja, unaweza kutolewa. Shirika kwa upande wake linaweza kukupa walinzi, kukuhamisha, na katika hali nzito kabisa kukubadilishia jina na vitambulisho. Na linaweza kuomba korti isikilize ushahidi wako faraghani, utumie jina la bandia, uzungumze kwa video, au sura na sauti yako zifichwe.

Kuhusu pesa, nataka niseme waziwazi kwa sababu uvumi ni mwingi. Shahidi halipwi kwa kutoa ushahidi. Anasaidiwa kuishi: kodi ya nyumba, chakula, matibabu, shule ya watoto, kwa kiwango kinachokaribia maisha aliyokuwa nayo. Si nyumba ya kifahari. Na kuna sababu. Wakili wa mshtakiwa atasimama na swali lake la kwanza litakuwa: "Tangu uanze kushirikiana na serikali umepokea shilingi ngapi?" Kama maisha yako yamepanda ghafla, ushahidi wako umeanguka hapo hapo.

Tupige hesabu ndogo basi. Hii ni yangu ya kukadiria, si takwimu ya mtu. Tuseme baba, mama na watoto watatu wamehamishwa kutoka hapa Ikonge kwenda mji mwingine. Nyumba ya kawaida elfu 15 kwa mwezi. Chakula elfu 20, maana kule hawana shamba, hata sukuma wiki wananunua. Shule, hospitali, nauli na mengineyo elfu 25. Hiyo ni elfu 60 kwa mwezi. Kwa mwaka ni laki saba na elfu ishirini. Zidisha mara sita, ile miaka ya kesi ya Kimani. Unapata milioni 4 na laki tatu na elfu ishirini, familia moja, na sijaweka mlinzi hata mmoja, sijaweka gari la kwenda kortini na kurudi. Kesi moja ya mauaji inaweza kuwa na mashahidi wa namna hiyo wanne au watano.

Mnaona kinachopandisha bei? Ni muda. Kila wakili anapoomba kesi iahirishwe, kila jaji anapohamishwa, kila faili inapokosekana, kodi ya mwezi inaendelea kulipwa. Kwa hivyo mtu akiniambia programu ya mashahidi ni ghali, mimi namjibu kwamba kesi zinazokokotwa ndizo ghali. Shirika linaishi kwa bajeti inayokatwakatwa kama ofisi nyingine za serikali, na likikaza mkanda halichukui kesi nyingine mpya. Yule anayekataliwa leo analipia kuahirishwa kwa kesi ya mtu mwingine.

Hiyo ni gharama ya serikali. Ya shahidi haiandikwi popote, na ndiyo inayomfunga mdomo.

Chukua mama wa hapa Ikonge. Tuseme tu, simzungumzii mtu fulani. Ana robo ekari ya majani chai na ng'ombe mmoja. Jioni moja, akiwa kwenye mashine ya kusaga, anaona vijana wanne wakimvamia mtu, na wawili anawajua kwa majina. Mtu huyo anafariki. Mpelelezi anakuja, anamsihi aseme. Mwambie huyo mama: "Utahamishwa, utakuwa salama." Yeye anasikia nini? Anasikia nani atachuma majani. Majani chai hayangoji korti, yasipochumwa yanakomaa na kuharibika. Bonasi ya mwezi wa kumi itaingia kwa akaunti, lakini akienda kuitoa karani wa sako ni mtoto wa jirani. Ng'ombe atauzwa kwa bei ya haraka. Na jambo ambalo mtu wa Nairobi hulisahau: mama yake mzazi akifa, atazikwa bila yeye. Kwetu Gusii, kutoonekana kwenye mazishi ya mzazi wako si jambo la kusema samahani baadaye. Watu watauliza. Na jibu hawezi kulitoa, kwa sababu mkataba unamkataza.

Kwa sisi Waislamu wachache wa huku kuna jingine. Ukihamishwa kwenye mji mdogo wenye msikiti mmoja, Ijumaa ya kwanza tu watu watakuuliza umetoka wapi, na kwa nia njema kabisa. Mgeni anakaribishwa, anaulizwa ukoo, anaombwa namba. Kwa shahidi aliyejificha ukarimu huo ni hatari. Ni jambo la kumwambia afisa mapema, kabla hajakuchagulia mahali: mimi ni mtu wa kuswali, nipelekwe mji mkubwa ambapo sitaonekana.

Na simu, jamani. Simu ndiyo inayowatoa watu wengi mafichoni. Umebadilisha mji, umebadilisha mavazi, lakini laini ni ile ile. Mtu akiingiza namba yako kwenye M-Pesa kama anayekutumia pesa, jina lako linamtokea. Unapiga simu nyumbani mara moja kumsalimia bibi, bibi anamwambia shangazi, shangazi yuko kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo chenye watu 80. Wala si kwamba kuna msaliti. Ni mapenzi tu.

Kuna wanaodhani tatizo ni umaskini wa Kenya, kwamba wazungu wakishika kazi mambo hunyooka. Angalieni kesi za ICC baada ya fujo za 2007 na 2008. Ile ni mahakama ya dunia, yenye kitengo chake cha mashahidi na uwezo wa kumhamisha mtu nje ya nchi. Kesi ya Uhuru Kenyatta iliondolewa Desemba 2014. Ya William Ruto na Joshua Sang ikasimamishwa Aprili 2016, majaji wawili kati ya watatu wakikubaliana, na mmoja wao akasema ushahidi ulivurugwa na kuingiliwa kwa mashahidi na siasa. Mwendesha mashtaka Fatou Bensouda alisema mashahidi 17 waliokuwa wamekubali walijiondoa. Sisemi nani alikuwa na hatia, korti haikufika huko. Ninachosema ni kwamba unaweza kumtoa shahidi kijijini lakini huwezi kukihamisha kijiji kizima. Anabaki kaka, anabaki rafiki wa shule, na kwa mujibu wa mashtaka ya ICC dhidi ya watu waliodaiwa kuwavuruga mashahidi, ni kupitia watu wa aina hiyo ndipo ahadi za pesa na vitisho vilipita. Huku kwetu anayekuja kukushawishi uache kesi huwa si jambazi. Ni mjomba wako, amekuja na sukari.

Rudini nyumbani sasa. Oktoba 2021, hapa karibu Marani, Kisii, kina mama wanne wazee waliuawa na umati kwa kusingiziwa uchawi. Hebu fikirieni ugumu wa shahidi katika jambo kama hilo. Katika kesi ya Kimani watuhumiwa walikuwa wachache na walijulikana. Umati ni tofauti. Ukitaja watatu, wamebaki kumi huko nje, na kila mmoja ana sababu ya kukunyamazisha. Halafu waliotenda ni watu mnaokunywa maji ya mto mmoja. Ndiyo sababu kwenye mauaji ya umati hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kutaja jina. Wa kwanza anabeba bei yote. Wakiwa watano walioandikisha siku moja, hakuna faida kubwa ya kumnyamazisha mmoja.

Hapo ndipo naona kazi yetu ilipo, na ninaomba mnisikilize vizuri kwa sababu watu wengi hukosea mpangilio.

Mtu akituambia "mimi niliona," kosa la kwanza ni kumkimbiza kituoni papo hapo, tukimpiga picha na kuiweka mtandaoni kama shujaa. Kwa kufanya hivyo tumemmaliza. Taarifa ikishaandikishwa inaingia kwenye faili, na Katiba yetu, kifungu cha 50, inampa mshtakiwa haki ya kujua mapema ushahidi utakaotumika dhidi yake. Yaani ile karatasi uliyotia sahihi, yenye jina lako na kijiji chako, siku moja itapelekwa kwa wakili wake. Mashahidi wengi hawaambiwi hivyo. Wanagundua siku jirani anapowanukulia maneno yao wenyewe. Wakati wa kuuliza kuhusu ulinzi ni kabla ya sahihi, au siku ile ile, ili kiongozi wa mashtaka aombe korti majina na vitambulisho vifutwe kwenye nakala kabla haijatoka. Ikishatoka hakuna wa kuirudisha.

Na hata hapo mjue mipaka yake. Jina la bandia linasaidia kama wengi wangeweza kuona ulichoona. Kama mama yetu alikuwa peke yake kwenye mashine ya kusaga, mwite Shahidi A, mwite vyovyote, mstari wa kwanza wa taarifa utamtaja. Kwake yeye kuficha jina ni kumdanganya. Anahitaji kitu kingine.

Kitu hicho mara nyingi ni cha bei nafuu kuliko kuhamishwa. Mshtakiwa ana haki ya dhamana isipokuwa kuwe na sababu nzito, na kuingilia mashahidi ni mojawapo. Katika kesi ya Kimani upande wa mashtaka ulipinga dhamana wakitaja usalama wa mashahidi, na washtakiwa hawakuachiliwa. Hata pale dhamana inapotolewa, korti inaweza kuweka sharti kwamba mshtakiwa asikanyage Ikonge mpaka mashahidi wamalize, na akivunja, dhamana inafutwa. Oneni tofauti. Badala ya mama kuacha majani chai yake, anayehama ni yule anayetuhumiwa. Lakini korti haitoi sharti hilo kwa minong'ono. Inataka kitu: ujumbe wa vitisho uliohifadhiwa bila kufutwa, namba iliyopiga na saa, namba ya OB ya siku uliyoripoti, na kama unayemuogopa ni polisi, barua iliyopokelewa IPOA. Wengi wetu tukipokea ujumbe wa vitisho tunaufuta kwa hasira au kwa kuogopa mke asiuone. Usifute. Piga picha ya skrini, mtumie mtu mmoja unayemwamini, simu yenyewe uitunze.

Na siku ya kesi, kumbukeni Mwenda. Shahidi asiende peke yake na asirudi peke yake, na wasindikizaji wasiwe wawili kwenye pikipiki moja. Watu wajue ametoka saa ngapi, kwa gari gani, anatarajiwa wapi saa ngapi, na asipofika nusu saa baadaye simu zianze kupigwa kwa wakili, kwa IPOA, kwa waandishi wa habari. Tukifanya hivi tusijidanganye kwamba tumechukua nafasi ya Shirika. Mwenda alikuwa na wakili na alikuwa kwenye gari la kukodi, bado waliuawa. Kusindikiza kunamfaa shahidi ambaye tishio lake ni majirani. Kama tishio ni mtu mwenye bunduki ya serikali, msicheze, hapo ni ombi la maandishi kwa Shirika la Kulinda Mashahidi, na mapema.

Kuna jambo gumu siwezi kuliruka, kwa sababu sisi ni harakati ya haki. Ulinzi huu huu unaweza kutuuma. Mmeona vijana wetu wakishtakiwa kwa ugaidi, na shahidi amekaa nyuma ya pazia, jina lake ni herufi, sauti imebadilishwa. Wakili atamhoji vipi mtu asiyejua ametoka wapi, ana kisasi gani, analipwa na nani? Mimi naamini pazia lina nafasi yake, lakini jaji lazima amjue aliye nyuma yake, tishio liwe limethibitishwa, na mtu asifungwe kwa neno la shahidi aliyefichwa peke yake bila kitu kingine cha kuliunga mkono. Tukidai ulinzi kwa mashahidi wetu na kuupinga kila unapotumiwa na upande wa pili, hakuna jaji atakayetusikiliza. Vile vile tukidai mshtakiwa anyimwe dhamana kwa uvumi, kesho uvumi huo utamfunga ndugu yako.

Baada ya mazungumzo niliulizwa maswali mengi, nitaweka mawili.

Ndugu mmoja aliuliza: nikikataa kabisa kutoa ushahidi, si ndiyo salama zaidi? Kama hujaandikisha chochote, hakuna jina lako kwenye faili, na huo ni uamuzi wako na dhamiri yako. Lakini kama umeshaandikisha, kunyamaza si kimbilio. Korti inaweza kukutumia samansi, na usipoitika inatoa amri ukamatwe. Utaletwa kortini ukiwa na pingu, mbele ya yule unayemuogopa, bila ulinzi wowote kwa sababu hukuomba. Hiyo ndiyo nafasi mbaya kuliko zote. Afadhali umwambie kiongozi wa mashtaka ukweli: nitasema, lakini naogopa, na sababu ni hizi.

Dada mmoja, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa, akauliza kuhusu mazishi. Je, ukiwa kwenye mpango, huwezi kabisa kuja kumzika mzazi? Nilimjibu hivi. Kuja kwa siri yako mwenyewe, hapana, hiyo ni kuvunja mkataba, na mazishi ndipo mahali ambapo anayekutafuta ana uhakika utakuja. Ni kama ile siku ya kesi ya Mwenda, tarehe inatangazwa redioni. Lakini mkataba hujadiliwa kabla ya kutiwa sahihi. Kabla hujashika kalamu, muulize afisa: mzazi wangu ni mgonjwa, akifa itakuwaje? Mnaweza kunileta na walinzi? Nani atamwambia kaka yangu, na atamwambia nini? Majani chai yangu nimwachie nani, na hela zake zipite wapi? Akikupa jibu la kueleweka, liandikwe. Akikwambia "tutaona wakati huo," basi bado hujapata jibu, usitie sahihi siku hiyo. Mwombe muda, rudi na wakili.

Dada akaandika yote kwenye simu yake. Sikumuuliza kwa nini.